Kifua cha Prezida

Watu wa Kimanga wanasema Riziki binti Djamali alianza kuwa mkali mwaka ule vita viliporudi milimani. Uongo mtupu. Ukali alizaliwa nao. Mama yake alikuwa akisema mtoto yule alitoka tumboni amekunja ngumi. Alichokosa kwa miaka arobaini ni mtu wa kuustahili ukali wote ule kwa pamoja. Mwaka ule Mungu akampatia Gratien.

Studio yake ilikuwa Kimanga, mtaa wa mji wa Uvira, kati ya muuza sukari na fundi wa redio. Chumba kimoja, pazia la buluu la picha za pasipoti, kompyuta ya kukunja, mashine ya kuchapa picha, na kibao alichokiandika kwa mkono wake: STUDIO RIZIKI, UNAPENDEZA. Baba yake, mzee Djamali, aliuza vitambaa kama baba zake waliofika ziwani enzi za misafara, naye alitaka binti akae dukani apime mita za kitenge. Binti akataka kamera. Wakabishana mwaka mzima, hawasalimiani vizuri hata siku ya Idi. Kisha vita vya kwanza vikala duka lote, kamera ikabaki, na ubishi ukafa wenyewe.

Tangu hapo amepiga picha za maharusi, watoto wa ubatizo, watoto wa jando, maiti, na askari wa kila jeshi lililowahi kupita mjini. Kila jeshi lilipenda kupigwa picha likiwa limekunja uso. Alipopata kompyuta, binamu yake wa Bujumbura alimfundisha kurekebisha picha, na hapo ndipo jina lake lilipopanda. Mwenye shati lililochanika alivalishwa suti. Aliyefumba macho alifumbuliwa. Bibi harusi mwenye chunusi alitoka pale na shavu laini. Wakamwita fundi wa sura, naye akajifanya hapendi jina hilo.

Na alikuwa na klabu. Umoja ya Kimanga ilikuwa timu ya mpira ya mtaa, na Riziki alikuwa sekretari wake, mwanamke peke yake katika komite. Yeye ndiye aliyefua majezi, yeye aliyegombana na marefa, yeye aliyepiga picha ya timu. Watu walidhani anapenda mpira. Alimpenda Nasoro. Nasoro alikuwa mdogo wake wa mwisho, ambaye mama yao alimwacha na miaka minne, na Riziki akamlea kama aliyemzaa. Sasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, namba kumi na moja, mguu wa kushoto wa moto. Siku zisizo za mpira alibeba abiria kwa pikipiki kati ya Uvira na Luvungi.

Haya, sasa sikia habari ya majezi yenyewe, maana balaa lote lilitoka humo. Miaka miwili kabla, timu ilipanda milimani, Rurambo, kucheza na vijana wa wafugaji. Walifungwa mabao matatu, wakanyweshwa maziwa mpaka wakashindwa kutembea, na wakati wa kuagana wenyeji wakawapa zawadi: majezi kumi na manne mapya, ya kijani yenye mistari myembamba myeupe. Kifuani palikuwa na duara jeupe, na ndani yake herufi tatu: A.F.R. Maana yake Association des Fermiers de Rurambo, yaani chama cha wafugaji wa Rurambo. Watu wa ng'ombe, basi. Hata prezida wa klabu, Gratien, alivaa lake siku ya kupiga picha ya timu, ingawa tumbo lilikuwa likilipigania. Alisimama katikati ya safu ya nyuma, kifua mbele, kama aliyefunga mabao yeye. Nasoro alikuwa kulia kwake.

Halafu mwaka ule, watu wenye bunduki huko milimani wakatangaza redioni kwamba wao sasa ni chama, na chama kina jina. Jina refu la Kifaransa, la kujaza mdomo, na ufupisho wake: A.F.R.

Siku ya kwanza Kimanga walicheka. Siku ya pili mtu mmoja akachoma jezi lake nyuma ya nyumba. Juma halijaisha, majezi yote yalikuwa majivu, na picha za timu zilizokuwa ukutani kwa wachezaji zikafuata. Nasoro peke yake hakuchoma kitu. Kijana yule hakusikiliza redio ila kwa ajili ya mpira. Riziki, dada mkubwa aliyezoea kumwita yaya, alipomwambia alivue, alisema, "Yaya, hii ni jezi ya maziwa," akacheka, akavaa koti juu, akawasha pikipiki.

Kwenye kizuizi cha Luvungi askari mmoja akamwambia afungue koti.

Walimteremsha mpaka Uvira wakamtia katika kachoti, yaani mahabusu, ya kapiteni mmoja aliyeletwa kutoka mbali, mtu wa Kilingala, aliyejua Kiswahili cha kuamrisha na cha kununua samaki tu. Nasoro alisema ukweli tangu sentensi ya kwanza: jezi ni la klabu, tulipewa na wafugaji, mwulizeni prezida. Nani amsikilize? Herufi ziko kifuani, na herufi hizo hizo ziko redioni. Riziki alipeleka chakula kila siku. Mlangoni walipokea sahani, wakamrudishia sahani tupu, na yeye hakujua ni tumbo la nani lililoshiba.

Siku ya nne, mchana, Gratien akaja studio.

Gratien alikuwa na depo la saruji na mabati barabarani, na sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akajipangusa jasho, akasema, "Mama Riziki, kapiteni ameniita. Kesho asubuhi. Anataka nimupelekee picha ya timu."

"Alhamdulillahi," akasema Riziki. "Basi enda umwambie ukweli. Mwambie zile jezi zilitoka kwa watu wa ng'ombe."

"Nitasema. Ndiyo sababu nimekuja." Akainama mbele. "Lakini minye mwenyewe niko mu ile picha. Na ile kitu iko kwa kifua yangu. Nikiingia pale na A.F.R. kifuani, nitaonekana kama Nasoro. Tutakaa wawili ndani. Nani atamutoa?"

"Si ungekuwa na karatasi ya wale watu wa Rurambo? Waliandika lolote siku ile?"

"Karatasi gani, mama? Watu wa ng'ombe wanaandikaka?" Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mwenye matope hawezi kumwosha mwenziye. Nifutie ile alama, minye tu. Nikiwa musafi, nitasema kama muntu mukubwa, nao watanisikia."

"Kwa nini nisifute ya wote?"

Hapo alikuwa amejitayarisha vizuri, mwana wa watu. "Jezi ya Nasoro iko mu mikono yao. Ukifuta za wote, watasema klabu nzima inaficha kitu, na Nasoro ni muongo. Ukiacha zao na kufuta yangu, wataona kweli ni jezi za klabu, lakini mwenye klabu hana siasa. Weye unajua kazi, mama. Minye najua wakubwa."

Riziki alimtazama. Hakumwamini kwa moyo wote, na baadaye alijilaani kwa ile sehemu ndogo iliyoamini. Lakini mtu ambaye mtoto wake yuko ndani hachagui kamba; anashika inayoning'inia. Akafungua kompyuta.

Kufuta maandishi kwenye jezi lenye mistari si kama kufuta chunusi. Shavu ni shavu, utachukua ngozi ya pembeni utaweka. Mstari ukikatika, kila jicho linaona. Riziki hakugusa picha yenyewe. Hajawahi kugusa picha yenyewe hata ya mlevi. Alifungua kalke juu yake, yaani tabaka tupu, kama karatasi ya plastiki inayopitisha macho iliyolazwa juu ya picha, na kazi yote akaifanya humo. Akasogeza picha karibu mpaka kifua cha Gratien kikajaza kioo kizima. Akachukua chombo kinachoitwa tampo: unakibonyeza mahali pazuri pa nguo, kinakariri, kisha unapaka kwenye mahali pabaya. Mahali pazuri alipapata juu ya tumbo, pale nguo ilipokuwa imevutika. Akalinganisha mstari na mstari, mweupe juu ya mweupe, kijani juu ya kijani. Akaanza na ukingo wa duara, akaingia ndani kidogo kidogo, akichukua nguo upya kila mara kutoka upande mwingine, maana ukichukua mahali pamoja tu, doa linajirudia na uongo unajulikana.

A ilitoka kwanza. F ikafuata. R ilimsumbua, kwa sababu mkunjo wa kwapa ulipita juu ya mguu wake, na ilibidi autengeneze mkunjo upya na kivuli chake. Jua siku ile lilitoka kushoto. Kivuli akakiweka kulia.

Alipomaliza, akarudisha picha mbali, akaitazama timu nzima. Wachezaji kumi na mmoja wenye duara jeupe kifuani, na katikati yao mtu mzima mwenye jezi safi. Hukuweza kujua. Hata yeye, aliyejua, macho yake yaliteleza pale yakapita. Akaona fahari kidogo, ile fahari ya fundi, nayo akaja kuichukia baadaye kuliko kitu chochote. Akachapa picha kubwa, akamkabidhi Gratien ikiwa bado na joto la mashine.

"Mungu akubariki," akasema Gratien. "Kesho jioni Nasoro atakula kwako."

Kesho jioni Nasoro hakula kwake. Wala kesho kutwa. Riziki alimtuma mtu depo, akaambiwa prezida amesafiri kidogo. Akaenda mwenyewe, akakuta mlango umeshindikwa na ndani kuna mtu anakohoa. Pale kachoti sahani zikarudi vile vile. Siku ya saba, mlinzi aliyepokea chakula hakumtazama machoni.

Siku ya nane akaja Concilie. Huyu alikuwa mke wa Ndayisenga, nahodha wa timu, watu wa bondeni wenye shamba la mpunga karibu na mto Ruzizi. Alikuwa amefunga kitenge kinyume kwa haraka na amebeba mtoto, na alianza kusema kabla hajaketi.

"Wamekuja kwetu na liste. Majina yote ya timu. Ndayisenga amevuka mto, iko Burundi sasa, sijui iko wapi. Mama Riziki, weye ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Mambo ya prezida." Mtoto akaanza kulia, Concilie akamtikisa bila kumwangalia. "Askari mumoja aliyekuja na ile liste ni wa kwetu, anatoka mu bonde. Amenionea huruma, ameniambia. Prezida alimwambia kapiteni zile jezi vijana walizileta wenyewe kutoka mulima. Kwamba aliwakataza, hawakusikia. Kwamba Nasoro ndiye alikuwa anawatafutia vijana wengine. Kapiteni akasema, wapi ushahidi? Prezida akatoa picha. Akasema angalieni, wote wameivaa, minye nilikataa. Yangu haina kitu."

Concilie alisimulia baadaye kwamba yule mama alikunja ngumi zote mbili. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na kumbe walikuwa wanasema habari ya nguo kweli kweli. Alikuwa ametumwa kumfua mtu mmoja ili uchafu wake wote umwagwe juu ya mtoto aliyemlea yeye mwenyewe. Na aliufua kwa mikono yake! Kwa ustadi! Akachapa juu ya karatasi nzuri!

Alifunga studio mchana kweupe. Majirani walimwona akitembea katikati ya barabara, pikipiki zikimkwepa, kilemba kimeanguka mabegani. Fundi wa redio akamwita, "Mama, hasira hasara!" Akamjibu bila kugeuka kwamba hasara alishaipata, sasa ilikuwa zamu ya hasira.

Safari hii mlango wa depo ulikuwa wazi. Gratien alikuwa anahesabia mteja mabati. Alipomwona, akajaribu kutabasamu.

"Mama Riziki, tuingie ndani tuongee…"

"Hapa hapa! Ulisema nini kwa kapiteni?"

"Polepole, mama. Watu wanasikia."

"Wasikie! Ulisema Nasoro anatafuta vijana. Nasoro! Aliyekubeba mgongoni siku ya mvua ili viatu vyako visilowe! Ulisema hukuvaa ile jezi. Wallahi, Gratien, tumbo lako lilikuwa linatoka chini yake, nilikuambia uvute pumzi ndipo nikapiga!"

Mteja akaweka bati chini taratibu, akaondoka. Gratien akashusha sauti ile yake ya wagonjwa. "Nisikilize. Yule kapiteni aliweka bastola juu ya meza. Ungefanya nini weye? Niko na watoto sita."

"Na Nasoro ni mtoto wa nani? Wa kuokota?"

"Nasoro ni kijana, hana muke, hana kitu. Watamufunga miezi kidogo, watamwachilia. Minye wakinishika, nyumba nzima inakufa. Fikiria kama muntu muzima."

"Mkuki kwa nguruwe!" akasema Riziki. "Kwa nguruwe mtamu, eeh? Subiri, Gratien. Subiri uonje." Na akatema mate chini, mbele ya mlango wake, jambo ambalo binti wa mzee Djamali hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Asubuhi yake, siku ya tisa, alikwenda ofisi ya kapiteni na kompyuta chini ya mkono. Usidhani hakuogopa. Alisali alfajiri akasahau rakaa. Alijua vizuri anachokwenda kufanya: alikuwa anakwenda kusema kwamba ametengeneza ushahidi wa uongo, na anayetengeneza ushahidi wa uongo wakati wa vita hapewi chai. Lakini chapa nyingine ya picha haikutosha. Angekwenda na karatasi yenye herufi, Gratien angesema karatasi hiyo ndiyo ya uongo, herufi zimeongezwa. Ilibidi waone kazi yenyewe ilivyofanywa.

Kapiteni alimwacha asimame saa nzima, kisha akamwita Gratien, kisha akamwambia Riziki, "Fungua."

Riziki akafungua. Picha ya timu ikajaza kioo, na Gratien katikati, safi.

"Hii ndiyo ile aliyokuletea?"

Kapiteni akalinganisha na karatasi iliyokuwa mezani. "Ndiyo hii."

"Tazama hapa pembeni, mukubwa. Kila tabaka liko na jicho dogo. Nikifunga jicho, tabaka linaondoka, sifuti kitu, ninaficha tu." Akafunga jicho la picha ya chini, ile iliyotoka kamerani. Timu yote ikatoweka. Uwanja, magoli, nyasi, wachezaji, vyote vikaenda. Kikabaki kiraka. Kiraka kimoja cha nguo ya kijani chenye mistari, mapana ya kiganja, kinaning'inia peke yake penye utupu wa miraba midogo myeupe na ya kijivu.

"Hii ni nini?" akauliza kapiteni.

"Ni uongo wa prezida. Nimeushona minye." Akafungua jicho la picha, akafunga la kiraka. Wachezaji wakarudi wote, na kifuani mwa Gratien likakaa duara jeupe, kubwa, limevutwa na tumbo mpaka herufi zimepanuka: A.F.R.

Kapiteni akafunga jicho mwenyewe kwa kidole chake, akafungua, akafunga, akafungua. Herufi zikaja, zikaenda, zikaja. Kisha akageuka kwa Gratien, na bila kupandisha sauti akamwambia askari wa mlangoni, "Fungua kachoti. Iko nafasi moja zaidi."

Eeh, ungemwona Gratien! Yule mtu wa maneno alitoa maneno yote kwa mara moja, Kiswahili, Kifaransa na Kirundi cha mama yake, na katikati ya maneno hayo Riziki akasikia moja, akadhani amesikia vibaya. Barua. Iko barua, mon capitaine. Iko barua ya Rurambo, iko nyumbani, iko ndani ya sanduku, nipeni dakika thelathini, nipeni ishirini!

Dakika ishirini hazikuisha. Mtoto wake wa kwanza aliileta kwa pikipiki, ndani ya mfuko wa plastiki, haijakunjwa hata pembe. Ilikuwa na tarehe ya miaka miwili nyuma. Ilikuwa na jina la chama limeandikwa refu, neno kwa neno, Association des Fermiers de Rurambo, na majezi kumi na manne ya kijani yametajwa kama zawadi kwa klabu Umoja ya Kimanga, na muhuri wenye kichwa cha ng'ombe, na sahihi ya mwenyekiti wao, mzee Manirakiza, ambaye Riziki alimkumbuka kwa maziwa yake. Chini kabisa palikuwa na sahihi ya aliyepokea. Gratien.

Kapiteni akasoma mara mbili. "Siku ya kwanza ulipokuja hapa, hii ilikuwa wapi?"

"Mu sanduku, mon capitaine."

"Na kwa nini haikutoka?"

Gratien akatazama viatu vyake. "Iko na jina langu," akasema.

Riziki alitaka kumrukia. Askari wawili walimshika, na mmoja wao baadaye alionyesha wenzake alama za meno. Alipiga kelele mpaka wafungwa kule nyuma wakaanza kugonga mlango wao. Siku tisa! Siku tisa karatasi imelala na mashuka, na yeye anabeba sahani! Watu wa ng'ombe hawaandiki, eeh? Wanaandika kuliko wewe, mbwa wewe, wanaandika na muhuri!

Kapiteni alingoja amalize. Si kwamba alikuwa mtu mwema. Alikuwa mtu aliyechoka, na faili hili lilikuwa limegeuka kuwa habari ya maziwa, na hakuna mkubwa wake aliyetaka habari ya maziwa. Akaandika kwamba Nasoro aachiliwe, na majina ya wengine yafutwe kwenye liste. Akamfukuza Gratien kwa mkono, kama unavyofukuza inzi. Kompyuta akaifunga, akaiweka kwenye kabati lake, akapiga kufuli. "Na weye mama," akasema, "shukuru Mungu wako nachukua hii tu." Ndiyo ilikuwa studio yote ya Riziki. Riziki hata hakuomba risiti.

Nasoro alitoka akishika ukuta. Alikuwa hana viatu, na miguu yake ilikuwa imevimba ikawa haina umbo, wa kushoto zaidi, nyayo zimepasuka na kukauka damu nyeusi. Walimpiga nyayo. Riziki akaliona guu lile la kushoto, namba kumi na moja, na ile hasira iliyokuwa imemsimamisha tangu jana ikamwachia ghafla, akakaa chini mavumbini nje ya geti kama mzigo uliodondoka. Nasoro akajishusha taratibu kando yake. Mtu alikuwa amekwenda kuita pikipiki.

"Walikupiga tangu siku ya kwanza?" akauliza Riziki.

"Hapana, yaya. Siku ine za kwanza walinifungia tu. Wengine walinicheka, wakaniita muuza maziwa. Nilifikiri watanitoa." Akalamba midomo. "Walianza siku ya tano. Yule mwenye fimbo alikuja na picha ya timu. Akaniwekea hapa, machoni. Akasema, tazama mukubwa wenu, haina kitu kifuani, weye unamutajia jina bure. Kila nikisema prezida aliivaa, ananipiga, ananionyesha tena."

Riziki hakuweza kumtazama.

"Mwisho nikaanza kuwaza labda kweli hakuivaaka. Labda niko mwenda wazimu. Yaya, wamesema pale ndani ilifutwa. Ni nani aliifuta?"

Pikipiki ilikuwa inakuja, unaisikia tangu kona ya soko. Angeweza kungoja ifike. Angeweza kusema kesho.

"Ni minye," akasema Riziki.

Nasoro akatazama miguu yake. Akainua mkono, akauweka begani mwa dada yake, mzito, bila kumkandamiza.

"Ulifanya kazi nzuri, yaya," akasema. "Nilitafuta siku ine mahali ulipofuta. Sikupaona."